Danieli, karo na mke asiyetajwa jina

Hotuba kwa wanafunzi wa ualimu na ustawi wa jamii, nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji

Walimu wangu, wanafunzi, wazazi mliofika, nawasalimu kwa heshima.

Nilipokuwa mwanafunzi wa saikolojia tulipewa kazi ya likizo: kila mmoja akamhoji mtu mzima nyumbani kwao kwa kisa kimoja maarufu, ayaandike majibu neno kwa neno, kisha ayasahihishe kwa mwongozo unaopima hatua za kufikiri kuhusu maadili. Mimi nilimhoji shangazi yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, anachagua mchele. Nilimsomea kisa bila kuongeza wala kupunguza.

Huko Ulaya mwanamke mmoja anakaribia kufa kwa saratani. Kuna dawa moja inayoweza kumwokoa, imegunduliwa na mfamasia wa mji huohuo. Mfamasia anatumia dola 200 kwa malighafi, naye anauza kipimo kidogo cha dawa kwa dola 2,000. Mume wa mgonjwa, Heinz, amekopa kwa kila anayemjua, amepata 1,000 tu. Amemwomba mfamasia apunguze bei au akubali kumaliziwa baadaye. Mfamasia amekataa, anasema dawa ni yake na anataka apate pesa. Heinz amekata tamaa, amevunja duka, ameiba dawa. Je, alipaswa kufanya hivyo?

Shangazi alipuliza kapi, akaniuliza: "Nduguze huyo mwanamke wako wapi?"

Nikamwambia kisa hakisemi.

"Na yeye mgonjwa mwenyewe, amesema anataka nini?"

Nikamwambia hilo pia halimo. Akaendelea: huyo mfamasia ana mke? Kuna mzee yeyote anayeweza kwenda kukaa naye? Heinz akienda jela, nani atamgeuza mgonjwa kitandani? Mimi nikambana kama nilivyofundishwa: shangazi, aibe au asiibe? Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, wewe unaniuliza swali la mwisho kabla ya yale ya mwanzo."

Usiku nilifungua mwongozo. Majibu yake yalihusu ndugu, mgonjwa na mahusiano. Hakutaja sheria, haki ya kuishi wala haki ya mali. Nikaandika: hatua ya tatu, yenye chembe za ya pili. Yaani mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwendea kusuluhishwa, kwa mizani niliyokuwa nayo, alikuwa sawa na kijana wa miaka kumi na mitano. Nilikabidhi kazi hiyo, nikapata alama nzuri. Jambo hilo halikuniacha tangu siku ile, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Tuanze na aliyeitengeneza mizani, na tumtendee haki, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. Lawrence Kohlberg alizaliwa Marekani mwaka 1927. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alijitolea kufanya kazi kwenye meli iliyowapitisha wakimbizi wa Kiyahudi kwenye kizuizi cha Waingereza kuelekea Palestina. Sheria ilikataza, yeye aliona maisha ya watu yanatangulia sheria. Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini alipokuwa mtafiti alipenda visa ambavyo uhai uko upande mmoja na sheria upande wa pili. Swali lilikuwa limemkuta baharini kabla hajaliandika kwenye karatasi.

Mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Chicago, alikamilisha tasnifu yake. Alikuwa amewahoji wavulana 72, wa miaka 10, 13 na 16. Alijenga juu ya kazi ya Jean Piaget wa Uswisi, aliyekwisha kuonyesha mwaka 1932 kwamba mtoto hanakili tu maadili ya wakubwa. Anayafikiri, na namna yake ya kufikiri hubadilika kadiri anavyokua. Kohlberg aliona mabadiliko hayo hayakomi utotoni. Akayapanga katika hatua sita.

Sitawachosha na hatua zote kwa urefu. Wa hatua ya kwanza anaogopa fimbo: asiibe, atafungwa. Wa pili anapiga hesabu ya nipe nikupe: aibe, maana atamhitaji mkewe baadaye. Wa tatu anaangalia watu wake: mume mwema hamwachi mkewe afe, majirani watamwonaje. Wa nne ameinua macho juu ya majirani akaiona jamii nzima: kila mtu akivunja duka kwa sababu yake, nchi haitatawalika. Wa tano anauliza sheria zenyewe zimewekwa kwa ajili gani, na anaona kuna haki, kama ya kuishi, ambazo sheria inapaswa kuzilinda. Wa sita anahukumu kwa kanuni ambazo angezikubali hata asingejua yeye ni nani katika kisa: Heinz, mgonjwa au mfamasia.

Zingatieni kwamba kuiba au kutoiba hakumpi mtu hatua. Wawili wanaweza kusema "aibe" mmoja akawa wa pili na mwingine wa tano. Kinachopimwa ni sababu. Ndiyo maana mhoji hatosheki na jibu moja: anauliza, na kama Heinz hampendi mkewe? Na kama anayekufa ni mgeni? Na kama ni mnyama anayempenda? Kisha msahihishaji analinganisha kila sababu na vielelezo vilivyomo katika mwongozo, na mwisho inatoka alama kati ya 100, hatua ya kwanza tupu, na 500, hatua ya tano tupu.

Je, mizani inapima kitu cha kweli? Ndiyo, na nawaomba wale wanaotaka kuitupa nzima wasikilize hapa. Kohlberg na wenzake waliwafuata wavulana 58 kati ya wale wa kwanza, wakiwahoji kila baada ya miaka mitatu au minne, kwa miaka ishirini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983. Walipanda hatua moja baada ya nyingine bila kuruka, na waliorudi nyuma walikuwa wachache mno. Mtoto wa miaka kumi kweli hufikiri kwa fimbo na faida. Kijana kweli huja kuona kwamba kuna jamii kubwa kuliko darasa lake na nyumba yao. Mwalimu yeyote aliyemo humu ameliona hilo kwa macho yake.

Matatizo yanaanza katikati ya ngazi na kuzidi juu. Hatua ya tano ilifikiwa na wachache, wengi wao wakiwa watu wazima wenye elimu ya juu. Ya sita haikuonekana kwa hao waliofuatwa, hata ikaondolewa katika usahihishaji. Maana yake ni kwamba kilele cha ngazi hakikutoka kwa watu waliohojiwa, kilitoka kwenye falsafa: falsafa ya haki ya nchi za Magharibi, ya mtu mmojammoja mwenye haki zake anayefanya mkataba na wenzake. Na ukishaamua kileleni pana nini, umeshaamua pia kila aliye chini amepungukiwa nini. Halafu kumbukeni wale 72. Walikuwa wavulana, wote Wamarekani.

Carol Gilligan alifanya kazi karibu na Kohlberg, Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni alikusudia kuwahoji vijana wa kiume waliokuwa wakikabiliwa na kupelekwa vitani Vietnam, maana alitaka kuwasikia watu walio katika uamuzi wao wenyewe, wa kweli. Uandikishaji wa lazima ukaisha mwaka 1973. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu utoaji mimba, na Gilligan akaenda kuwasikiliza wanawake 29 wajawazito waliokuwa wakiamua la kufanya. Wanawake hao hawakuzungumza lugha ya Heinz. Walizungumzia nani ataumia, nani anawategemea, nani watamwacha peke yake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1982 aliwaweka pamoja watoto wawili wa miaka kumi na mmoja, wa darasa moja, aliowaita Jake na Amy. Jake alijibu Heinz kama anafanya hesabu: uhai una thamani kuliko pesa, kwa hiyo aibe. Hata yeye mwenyewe alilifananisha na swali la hesabu. Amy alisema asiibe, lakini mke pia asife. Akafikiri: akiiba huenda akafungwa, na mke akizidiwa tena hatakuwepo wa kumsaidia, wakae wazungumze, watafute mkopo, watafute njia. Mhoji akarudia swali, Amy akarudia jibu, sauti ikipungua uhakika kila mara. Kwa mwongozo, Jake aliangukia kati ya hatua ya tatu na ya nne. Amy alikuwa chini yake hatua nzima.

Niliposoma hapo nilimwona shangazi na ungo wake.

Gilligan alionyesha kwamba Amy hakushindwa kujibu swali. Alikuwa anajibu swali jingine. Jake alisikia "je, Heinz aibe?", Amy alisikia "je, Heinz afanye nini?". Jake aliuona ulimwengu wa watu waliosimama kila mmoja peke yake, wakitenganishwa na haki zao. Amy aliuona ulimwengu wa watu walioshikana, na tatizo ni kwamba mmoja, mfamasia, ameachia mkono. Haya tunaweza kuyaita maadili ya kujaliana, kando ya maadili ya haki. Na Gilligan aliyapa makuzi yake: mwanzo mtu anajali kuokoka kwake tu, kisha anajifunza wema kwa maana ya kujinyima, kila mtu kwanza na yeye mwisho, kisha, akikomaa, anatambua kwamba yeye naye ni mtu, na kumjali kila mtu isipokuwa mwenyewe ni uongo fulani. Ngazi hii ya tatu naomba muishike, nitairudia.

Lakini lazima niwaambie na upande wa pili, kwa sababu vitabu vingi vya ualimu vinasimama hapa na kuwaachia wanafunzi imani kwamba wanaume hufikiri kwa haki na wanawake kwa huruma. Takwimu hazikubali. Mwaka 1984 Lawrence Walker alipitia tafiti nyingi zilizotumia mizani ya Kohlberg na kukuta kwamba katika sehemu kubwa hapakuwa na tofauti kati ya wanawake na wanaume. Mahali ilipoonekana, mara nyingi wanaume waliohojiwa walikuwa na elimu na kazi za juu kuliko wanawake. Mwaka 2000 Sara Jaffee na Janet Hyde walijumlisha tafiti 113. Wanawake walielekea kidogo kwenye kujali, wanaume kidogo kwenye haki. Kidogo kiasi gani? Ukimchukua mwanamke yeyote na mwanamume yeyote, ukabashiri kwamba mwanamke ndiye atakayezungumza zaidi kwa lugha ya kujali, utapatia kama mara 58 katika 100. Ukirusha shilingi utapatia mara 50.

Kwa hiyo Gilligan alikosea kuhusu nani, akapatia kuhusu nini. Sauti aliyoisikia ipo, mwongozo ulikuwa hauisikii, ila si mali ya wanawake. Carol Stack, mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1986 kuhusu Wamarekani weusi waliorudi vijijini Kusini kutoka miji ya Kaskazini: wanaume na wanawake walifikiri kwa namna inayofanana, wote kwa lugha ya jamaa na wajibu. Tofauti ya jinsia iliyoonekana Harvard ilikuwa kwa kiasi fulani tofauti ya maisha. Anayepangiwa kulea hufikiri kama mlezi.

Hapo ndipo tunarudi kwetu, maana swali hili lilifika Kenya mapema. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Carolyn Edwards aliwahoji wazee wanaoheshimiwa kwa usuluhishi na wanafunzi wa Kenya kwa visa vya aina hii. Baadaye, pamoja na Sara Harkness na Charles Super, walichapisha mwaka 1981 utafiti kutoka Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Waliwahoji wanaume kumi na wawili, sita wakiwa wale ambao wanakijiji wenyewe huwaita kesi inapotokea, sita wakiwa wazee wa kawaida. Wasuluhishi walikaa zaidi kwenye hatua ya tatu. Wengine walichanganya ya pili na ya tatu. Mwaka 1985 John Snarey alipitia tafiti 45 za nchi 27, akakuta hatua nne za mwanzo karibu kila mahali, ila ya tano haikuonekana katika jamii za vijiji vya kimila.

Sasa mtu anaweza kusoma matokeo hayo akasema wazee wa Kokwet wameishia njiani. Edwards alisoma tofauti, nami nakubaliana naye. Hatua ya nne ni fikra za mtu anayelazimika kuishi na watu asiowajua: mahakama, idara, mishahara, mji. Mzee wa kijiji anasuluhisha watu ambao kesho watachota maji kisima kimoja. Kwake uamuzi ulio sahihi kwa sheria ukiwaacha ndugu wawili hawasalimiani ni uamuzi mbovu. Hatua ya tatu, kwa kazi yake, ndiyo inayofaa. Na utafiti wa Kokwet una jambo jingine ambalo sioni likitajwa vya kutosha: wale sita walipanda juu ya wenzao wa umri na kijiji kilekile. Kilichowatenganisha ni jukumu. Kuitwa na watu kuamua kesi zao kulihusiana na kuona mbali zaidi ya hesabu ya nipe nikupe.

Edwards alijua pia kwamba kisa cha Heinz kinanukia ugeni. Akatumia kisa cha hapahapa, nami nawasimulia polepole.

Danieli alimaliza kidato cha nne kwa karo aliyolipiwa na kaka yake. Akaoa, akampeleka mkewe akaishi na wazazi wake shamba, yeye akapata kazi mjini. Baada ya miaka minane mtoto wake wa kwanza wa kiume yuko tayari kuanza shule ya msingi. Wazazi wakamjia wakamwambia: kaka yako aliyekusomesha amepata ajali, hawezi kufanya kazi, kwa hiyo sasa wewe umsomeshe mtoto wake. Mtoto huyo ni wa umri mmoja na mwanawe. Danieli hana fedha za kutosha kwa wote wawili. Mkewe anasema amtangulize mwanawe. Danieli afanye nini?

Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka uliopita waandike majibu, kisha tukayasahihisha pamoja kwa mtindo wa Kohlberg. Nitawapa ya aina nne, kwa maneno yangu. Wa kwanza: amsomeshe wa kaka, la sivyo baba atamnyima shamba. Hiyo ni faida na hasara, hatua ya pili. Wa pili: amsomeshe wa kaka, kaka alimtendea wema na ndugu mwema hasahau. Hatua ya tatu. Wa tatu: amtangulize wake, kwa sababu sheria inamwajibisha mzazi kwa mtoto aliyemzaa, na kila mzazi akifanya hivyo hakuna mtoto atakayeachwa. Hatua ya nne. Mpaka hapo mwongozo unafanya kazi vizuri.

Wa nne alikuwa mwanafunzi wa kiume, mtu mzima kidogo, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi chuoni. Aliandika: "Hakuna wa kutangulia. Danieli ni baba mdogo wa yule mtoto. Baba hachagui kati ya wanawe. Wote waanze, na waliobaki katika ukoo wachangie, na kama haiwezekani wote wasubiri mwaka mmoja."

Darasa likagawanyika. Kwa mwongozo jibu hili linaelea kwenye hatua ya tatu, kwa sababu linataja ukoo na nafasi ya mtu katika ukoo. Lakini litazameni vizuri. Kisa, jinsi kilivyoandikwa, kinasema kuna "mtoto wake" na "mtoto wa kaka yake". Katika Kiswahili, na katika lugha nyingi za kwetu, mtoto wa kaka yako wa kiume ana baba mkubwa na baba wadogo, na wewe ni mmojawapo. Neno limeshahukumu kabla ya mtanziko kuanza. Huyu mwalimu hakutaka kupendwa na majirani. Alishika kanuni, kwamba watoto wa ukoo wana dai sawa juu ya mali ya ukoo, na akaifuata hadi mahali pagumu: wote wasubiri. Hiyo ni kanuni inayosimama juu ya desturi, ila ni kanuni ya jumuiya, na mwongozo ulikuwa na mahali pa kanuni za mtu binafsi tu. Snarey alisema hilohilo alipoona majibu ya namna hii kutoka sehemu mbalimbali: yako juu, ila hayana kisanduku.

Utafiti wa Joan Miller na David Bersoff wa mwaka 1992 unaonyesha hili kwa uwazi zaidi. Waliwapa Wahindi na Wamarekani visa kama hiki: mtu ameibiwa mkoba akiwa safarini, amebeba pete za harusi ya rafiki yake mkubwa, na njia pekee ya kuwahi ni kuchukua tiketi ya treni ya mtu mwingine bila ruhusa. Zaidi ya Wahindi wanane katika kumi walisema awahi harusi. Wamarekani walikuwa karibu wanne katika kumi. Na Wahindi walipoulizwa, wengi hawakusema kumsaidia rafiki ni jambo zuri la hiari. Walilitaja kama wajibu kamili, wenye uzito wa haki yenyewe.

Mpaka hapa mtaona hoja ya utamaduni na hoja ya Gilligan zinatembea pamoja. Zote zinasema Kohlberg aliyaweka mahusiano chini na sheria juu. Vitabu huzifunga katika sura moja, kana kwamba ni ndugu. Mimi nilizifundisha hivyo kwa miaka mingi. Kisha siku moja darasani, jibu la yule mwalimu likiwa ubaoni, mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa nyuma akainua mkono, akauliza: "Mke wa Danieli ameshasema. Mbona hakuna anayemjibu?"

Rudieni kisa. Mke ameishi na wakwe zake shamba miaka minane. Mume yuko mjini. Tunaojua maisha hayo tunajua nani analima, nani anapika, nani anamhudumia baba mkwe anapougua. Ukoo ambao yule mwalimu anauita uchangie, mchango wake mkubwa ni mgongo wa huyu mwanamke. Wazazi wamezungumza na Danieli, Danieli atazungumza na ukoo, na yeye ana sentensi moja tu katika kisa, nayo watu huisoma kama uchoyo wa mama. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1997 Edwards aliandika kuhusu kisa hiki na majibu ya wazee na wanafunzi wa Kikipsigis na Kiluhya, akayachambua kwa mambo mawili: umoja wa familia na mamlaka ya baba. Umoja wa familia tunausifu sana. Mamlaka ya baba ndiyo bei yake, na mara nyingi anayelipa ni huyu.

Kwa hiyo mlangoni kwa Danieli wakosoaji wawili wa Kohlberg wanagombana. Hoja ya utamaduni inasema: heshimuni kanuni ya ukoo, msiipime kwa haki za mtu binafsi. Hoja ya Gilligan, katika ile ngazi ya tatu niliyowaomba muishike, inasema: kujali kunakomsahau mmoja wa wanaojaliwa hakujakomaa, na kujinyima kwa mwanamke kusiitwe wema ikiwa hakuulizwa. Huwezi kuzishika zote mbili kwa urahisi kama sura ya kitabu inavyokuambia. Na chombo ambacho mke wa Danieli anakihitaji sasa hivi, cha kumpa haki ya kukaa kwenye kikao na neno lake likahesabiwa sawa na la baba mkwe, kimo katika sanduku la Kohlberg. Kinaitwa haki. Mtu wa hatua ya sita angejiweka mahali pa mke kabla hajaamua. Hicho ndicho kipimo chake. Kilele ambacho watu wa utafiti hawakukifikia, huyu mama angekitumia leo jioni.

Sisemi haya ili kurudisha ngazi ilivyokuwa. Nasema namna ya kuifanyia kazi. Ukimhoji mzazi au kijana kwa visa hivi, usiridhike na hatua. Andika kwanza swali alilolisikia yeye, maana huenda si lile ulilouliza. Andika nani amemtaja bila kuulizwa na nani hakumtaja hata ulipombana. Katika majibu ya wanafunzi wangu, hatua zilinieleza kiasi. Orodha ya wasiotajwa ilinieleza zaidi. Na akikuambia "ukoo utaamua", muulize ukoo ni akina nani, wangapi, nani anakaa kwenye kiti na nani anapitisha chai.

Miaka mingi baadaye nilirudi kwa shangazi. Alikuwa amezeeka, macho yamepungua, mchele sasa anachaguliwa na wajukuu. Nilimsomea kisa cha Danieli kama nilivyomsomea cha Heinz. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniulize kuhusu kaka aliyepata ajali, au kama shamba linaweza kukodishwa.

"Huyo mke," akasema, "anaitwa nani?"

Nikaangalia karatasi. Danieli ana jina. Nikakumbuka cha Heinz pia, mgonjwa mwenyewe aliyelala kitandani. Nikamwambia: shangazi, hawakumwandika.

"Basi nenda kamuulize," akasema, "halafu uje unisomee tena."